Mistari yako ya kizuizi imekataa kukutana? Anza na uwiano, grafu baadaye

Ripoti za praktiko ya vimeng'enya zina magonjwa machache yanayojirudia kila muhula, na karibu yote hugunduliwa kwa kuchelewa, mwanafunzi akiwa ameshachora grafu na kuandika hitimisho. Hapa nayapanga kwa dalili, nikianza na ile inayowapotosha wengi. Mfano wote ni wa jaribio moja linalofanyika sana kwenye maabara za hapa Mwanza kwa sababu vifaa vyake ni vichache: kimeng'enya ni fosfatasi alkali, sabstreti ni para-nitrofenili fosfati, kizuizi ni fosfati ya kawaida. Kimeng'enya kikikata sabstreti, nitrofenoli inabaki na kuleta rangi ya njano, nawe unasoma ufyonzaji wa mwanga kwenye 405 nm.

Mambo machache ya kushika kabla ya kuendelea. Kwenye bafa ya pH inayokaribia 10, na kuveti ya sentimita 1, maikromola 1 (µM) ya nitrofenoli inaleta ufyonzaji wa karibu 0.018. Kwa hiyo ufyonzaji ukipanda kwa 0.072 kwa dakika, kasi yako ni 4 µM kwa dakika. Ujazo wote ni mililita 1.

Inavyotakiwa kuwa

Tuchukue namba safi za kufundishia: Vmax ni 20 µM kwa dakika, Km ni 0.5 mM. Kizuizi kimewekwa 1 mM, na Ki yake ni 1 mM. Fosfati inagombea mlango uleule wa sabstreti, kwa hiyo Vmax inabaki 20 lakini Km inaonekana kupanda hadi 1.0.

| Sabstreti (mM) | Kasi bila kizuizi | Kasi yenye kizuizi | Uwiano |
|---|---|---|---|
| 0.125 | 4.00 | 2.22 | 0.56 |
| 0.25 | 6.67 | 4.00 | 0.60 |
| 0.5 | 10.0 | 6.67 | 0.67 |
| 1 | 13.3 | 10.0 | 0.75 |
| 2 | 16.0 | 13.3 | 0.83 |
| 4 | 17.8 | 16.0 | 0.90 |

Safu ya mwisho ni kasi yenye kizuizi ikigawanywa kwa kasi isiyo na kizuizi, kwenye sabstreti ileile. Wengi hawaiweki kabisa kwenye ripoti, na mimi ndiyo ninayoitazama kwanza. Uwiano ukipanda kadiri sabstreti inavyoongezeka, uzuiaji ni wa ushindani: sabstreti ikijaa, kizuizi kinasukumwa nje. Uwiano ukibaki palepale (kwa mfano huu ungekuwa 0.50 toka juu hadi chini), uzuiaji si wa ushindani, kasi inapungua kwa sehemu ileile hata uongeze sabstreti vipi. Uwiano ukishuka, kuanzia 0.83 hadi karibu 0.53, basi kizuizi ni kile kinachoshika kimeng'enya baada ya sabstreti kuingia; sabstreti nyingi inakipa nafasi zaidi badala ya kukifukuza.

Tazama pia hili: kwenye mrija wa 0.125 mM, uzuiaji wa ushindani unaleta kasi ya 2.22 na ule usio wa ushindani ungeleta 2.00. Tofauti ni ndogo kuliko mkono unavyotetemeka. Kwenye 4 mM, wa kwanza unaleta 16.0 na wa pili 8.9. Aina ya kizuizi inaonekana upande wa sabstreti nyingi. Grafu ya Lineweaver na Burk ya mwaka 1934, ambayo wote tunaipenda kwa sababu ina mistari minyoofu, inaupa uzito upande wa sabstreti kidogo, na hapo ndipo matatizo mengi yanapozaliwa.

Ukitaka kuichora kwa mkono kwenye karatasi ya grafu, weka 1/S kwenye mhimili wa mlalo na 1/v kwenye wa wima. Mstari usio na kizuizi unapita kwenye nukta (0, 0.05) na (8, 0.25). Wenye kizuizi unapita (0, 0.05) na (8, 0.45). Inakutana juu ya mhimili wa wima, pale 0.05, ambapo 1 ukigawanya kwa 0.05 unapata Vmax ya 20. Ya kwanza ikirefushwa kushoto inakata mhimili wa mlalo kwenye −2, ya pili kwenye −1.

Dalili: mistari inakutana kushoto ya mhimili wa wima, mwanafunzi anaandika "uzuiaji mseto"

Hii ndiyo malalamiko namba moja. Nichukue kesi ilivyo. Namba zote ziko kama jedwali hapo juu, isipokuwa mrija mmoja: sabstreti 0.125 yenye kizuizi haikuleta 2.22, imeleta 2.60. Ukiziweka kwenye lahajedwali na kuiambia ikupe mstari, Vmax yenye kizuizi inatoka 16.6 na Km 0.70. Mistari inakutana karibu −0.6 kwenye mhimili wa mlalo, kushoto kabisa. Kwa macho ni uzuiaji mseto mzuri tu, na mtu anaandika aya nzima kuhusu fosfati kushika sehemu mbili za kimeng'enya.

Sasa soma uwiano: 0.65, 0.60, 0.67, 0.75, 0.83, 0.90. Namba tano zinapanda kwa mpangilio, moja imeruka foleni. Hakuna uzuiaji mseto hapo, kuna mrija mmoja mbovu.

Sababu ya kwanza, na inayotokea zaidi, ni pipeti. Kama stoki yako ya sabstreti ni 10 mM, mrija wa 0.125 mM katika mililita 1 unahitaji maikrolita 12.5. Ukichovya ncha ya pipeti ndani sana, maikrolita 2 au 3 za ziada zinashika nje ya ncha na kuingia na wewe. Ikiingia 15 badala ya 12.5, sabstreti inakuwa 0.15 mM na kasi inakuwa 2.61. Ndiyo hiyo 2.60 yetu. Kipimo cha haraka: weka maji yaliyokenekwa kwenye mizani mara kadhaa kwa pipeti ileile uliyotumia, maikrolita 12.5 ziwe miligramu 12.5 hivi. Tiba yake haina gharama. Tengeneza kwanza stoki ya kati ya 1 mM, halafu chukua maikrolita 125. Kosa la maikrolita 2 kwenye 125 halitakusumbua.

Sababu ya pili ni kifaa cha kusomea. Kasi ya 2.22 ni ufyonzaji wa 0.040 kwa dakika; 2.60 ni 0.047. Kolorimita inayoonyesha desimali mbili tu haiwezi kuzitofautisha hizo mbili, itakuambia 0.04 au 0.05. Usisome dakika moja. Soma kila sekunde 30 kwa dakika tatu na uchukue mteremko wa mstari wa nukta zote.

Ya tatu ni hesabu yenyewe. Mkunjo wa Michaelis na Menten hauna haja ya kunyooshwa kwa nguvu ukiwa na kompyuta. Ukiwa na R, mstari huu unatosha kupata Vmax, Km na Ki kwa pamoja kutoka kwenye namba zote, zenye kizuizi na zisizo nacho:

```
nls(v ~ Vmax*S/(Km*(1+I/Ki)+S),
    start=list(Vmax=20, Km=0.5, Ki=1))
```

Hapo `I` ni 0 kwa mirija isiyo na kizuizi na 1 kwa yenye kizuizi. Njia hii haiukuzi mrija wa 0.125 kama inavyofanya 1/v. Grafu ya mistari minyoofu chora kwa ajili ya macho ya msahihishaji, namba toa kwenye mkunjo.

Kama umerudia mrija huo mara tatu kwa pipeti iliyopimwa na uwiano bado unavunjika mahali palepale, hapo acha kuchezea namba. Usiufute mrija kwenye ripoti. Mwite mtaalamu wa maabara aangalie kifaa, na usifungue mfuniko wa spektrofotometa kuchungulia taa: ina umeme mkubwa ndani na nyingine zinatoa mwanga wa urujuanimno unaodhuru macho.

Dalili: uwiano umegoma kupanda, uko karibu 0.5 kila mahali

Ulitegemea ushindani, umepata kitu kisichoonekana kushindana. Kabla ya kusema fosfati imebadilika tabia, angalia sabstreti yako ya juu kabisa ni ngapi. Aliyepima kati ya 0.05 na 0.2 mM tu, kwa kuogopa kumaliza stoki, atapata uwiano unaoanzia 0.52 na kuishia 0.58, na kwa makosa ya kawaida ya mkono hizo ni namba moja. Mirija yake yote iko chini ya Km, ambako uzuiaji wa ushindani na ule usio wa ushindani unafanana. Unahitaji angalau mirija miwili iliyo juu ya Km ya kizuizi mara mbili au zaidi. Kwa mfano wetu ni 2 na 4 mM.

Kama sabstreti ilifika juu vizuri, shuku pH. Chupa nyingi za fosfati maabarani ni KH2PO4, ambayo ni chumvi yenye uasidi. Ukiimimina bila kuirekebisha kwenye bafa dhaifu, pH inashuka, kimeng'enya kinazubaa kwenye mirija yote yenye kizuizi, sabstreti iwe kidogo au nyingi. Ukipima pH ya mrija mmoja wenye kizuizi na mmoja usio nacho, jibu unalo kwa dakika mbili. Stoki ya fosfati ifikishwe pH ileile ya bafa kabla ya kutumika.

Kuna chanzo cha tatu kinachotokea mara chache, nacho ni kigumu kidogo. Mtu anabadilisha kizuizi na kutumia EDTA, anaona Vmax imeshuka na Km imebaki ilipokuwa, anaandika "uzuiaji usio wa ushindani". Fosfatasi alkali inabeba zinki ndani yake, na EDTA inaing'oa. Kimeng'enya kilichopoteza zinki hakifanyi kazi tena, kwa hiyo unachopima ni kimeng'enya kilichobaki kizima, nacho kina Km yake ya siku zote. Grafu haiwezi kukuonyesha tofauti. Muda unaweza: changanya kimeng'enya na EDTA, anzisha mrija mmoja papo hapo na mwingine baada ya dakika 15. Kizuizi cha kawaida kinachoingia na kutoka kitaleta kasi ileile. Ikiwa ya pili imeshuka zaidi, kimeng'enya kinakufa taratibu, na Ki utakayoihesabu haina maana yoyote.

Dalili: kizuizi kinaonekana kuongeza kasi

Uwiano wa 1.02 au 1.11 kwenye sabstreti nyingi. Karibu mara zote ni joto. Kundi limepima mirija isiyo na kizuizi asubuhi, dirisha limefunguliwa na upepo wa ziwa unaingia, chumba kiko nyuzi 24. Umeme umekatika, umerudi saa nane, mirija yenye kizuizi imepimwa chumba kikiwa nyuzi 27. Kwa vimeng'enya vingi kasi huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo nyuzi 3 zinaongeza kama asilimia 23. Zidisha uwiano wa jedwali kwa 1.23 na utaona 0.90 ikigeuka 1.11. Dalili ya kuthibitisha ni kwamba uwiano wote umepanda kwa kipimo kimoja, hakuna uliovunja mpangilio.

Pima kila jozi, yenye kizuizi na isiyo nacho, mfululizo. Beseni la maji la nyuzi 30 au 37 likiwepo, tumia. Lisipokuwepo, mpangilio wa jozi unaokoa kazi yako hata chumba kikipata joto.

Dalili: Km isiyo na kizuizi ni kubwa mno, na fosfati inaonekana dhaifu

Km imetoka 1.0 badala ya 0.5. Ukiongeza fosfati 1 mM inapanda hadi 1.5 tu, na Ki inahesabika kuwa 2 mM. Mirija yote ni safi, uwiano unapanda vizuri, lakini jibu halifanani na la kundi jirani.

Uliza kimeng'enya kiliyeyushwa kwenye nini. Bafa ya fosfati yenye chumvi, ile inayotumika kwa kila kitu kwenye maabara za seli, kwa kawaida ina fosfati ya karibu 10 mM. Maikrolita 100 za kimeng'enya kilicho ndani yake, zikiingia kwenye mililita 1, zimeleta fosfati ya 1 mM kwenye kila mrija, pamoja na ule unaouita hauna kizuizi. Umelinganisha kizuizi na kizuizi. Kimeng'enya kiyeyushwe kwenye Tris au daiethanolamini yenye magnesiamu kidogo, na vyombo visuuzwe kwa maji yaliyokenekwa, hasa kama vilioshwa kwa sabuni yenye fosfati.

Km ikiwa kubwa kiasi, tuseme 0.6 hivi, na bafa haina tatizo, angalia muda. Wanaosimamisha mrija kwa sodiamu haidroksidi baada ya dakika 10 wanasahau kwamba mrija wa 0.125 mM una µM 125 tu za sabstreti. Kwa dakika 10 zimeliwa 35, zaidi ya robo, na kasi ya wastani inashuka kutoka 4.0 hadi 3.5. Mrija huo mmoja, mingine ikibaki ilivyo, unatosha kupeleka Km ya mistari minyoofu hadi 0.66 na Vmax hadi 22.5. Ujanja wa ugonjwa huu ni kwamba mistari miwili bado inakutana karibu na mhimili wa wima, kwa sababu inasogea pamoja, hivyo kila kitu kinaonekana sawa. Kwa mrija wa chini kabisa usivuke dakika 3. Kama rangi haitoshi kusomeka, refusha njia ya mwanga au tumia kifaa chenye desimali tatu. Kuongeza kimeng'enya kutamaliza sabstreti haraka zaidi.

Haidroksidi hiyo ikikurukia jichoni, acha jaribio, suuza kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi bila kusimama na upelekwe hospitali hata kama maumivu yameisha.

Dalili: mkunjo haulali, au unalala ghafla

Usiolala mara nyingi hauna kosa. Hata kwenye 4 mM, ambayo ni Km mara nane, kasi ni asilimia 89 tu ya Vmax. Ili ufike asilimia 95 ungehitaji 9.5 mM. Mkunjo wa Michaelis na Menten unalala polepole kuliko unavyochorwa ubaoni.

Unaolala ghafla ni wa kuutilia shaka. Angalia ufyonzaji wa mwanzo kabla hujaweka kimeng'enya. Stoki ya para-nitrofenili fosfati iliyokaa nje ya friji wakati umeme umekatika inajikata yenyewe. Asilimia 1 tu ikikatika, mrija wa 4 mM una µM 40 za nitrofenoli tangu mwanzo, yaani ufyonzaji wa 0.72 kabla jaribio halijaanza. Ongeza kasi ya 0.32 kwa dakika, na baada ya dakika nne umefika 2.0, ambako ni asilimia 1 tu ya mwanga inayofika kwenye kipokezi na vifaa vingi vinaanza kudanganya. Fosfati iliyotoka pamoja nayo ni kidogo mno kuzuia kitu, tatizo ni la kifaa. Stoki iliyo njano imwage, tengeneza mpya, iweke kwenye barafu na ifunge kwa karatasi ya aluminiamu.

Dalili: uwiano unashuka

Kwa fosfati hili halitakiwi, rudi kwenye stoki na pH. Lakini kama kundi lako lilipewa fosfatasi ya utumbo wa ndama na asidi amino ya L-fenilalanini, umepata jibu sahihi: huzuia kwa kushika kimeng'enya chenye sabstreti ndani, Vmax na Km zinashuka pamoja, na mistari ya Lineweaver na Burk inakwenda sambamba bila kukutana. Usiilazimishe ikutane. Levamisoli, dawa ya minyoo inayouzwa kwenye maduka ya mifugo, inafanya vivyo hivyo kwa fosfatasi ya ini, mfupa na figo, ila ya utumbo haiigusi sana. Ukiiweka kwenye kimeng'enya cha utumbo usione chochote, kimeng'enya chako hakijaharibika.

Na kuna wanaotaka kuendeleza mradi kwa kununua dawa ya wadudu ya mashambani ili wazuie kimeng'enya cha asetilikolini. Hapo simama. Dawa hizo zinafanya kwa mwili wako kile unachotaka zifanye kwenye mrija, zinapenya ngozi, na stoki yake ni kali mara nyingi kuliko kiwango unachohitaji. Haifanyiki bila msimamizi aliyepo chumbani, kabati la kuvuta hewa na mpango wa kutupa mabaki, na mabaki hayo hayaingii kwenye sinki.